Akiba mkabala na mkopo si fidia

Nimemsikia tena, kwa mara ambayo sasa sitaki kuihesabu, mtu anayeuza mikopo akimweleza mteja kwamba akiba yake "itafidia mkopo", na mteja akauliza swali ambalo lilikuwa na haki kabisa ya kuulizwa: "Kwa hiyo fedha zangu mtakuwa mmezichukua?" Jibu lilikuwa refu na halikumsaidia, kwa sababu kosa lilikuwa limekwisha kutendeka katika neno lenyewe.

Dhana yenyewe ni nyepesi. Mkopaji ana deni kwa mkopeshaji, na papo hapo ana akaunti ya akiba kwa mkopeshaji huyohuyo. Akaunti hizo mbili zikiunganishwa, akiba haipati riba yoyote. Badala yake, kila siku salio la akiba hutolewa kwenye salio la deni, kisha riba ya siku hiyo hutozwa kwenye tofauti pekee. Zikiwa hazijaunganishwa, deni hutozwa riba yake lote zima, na akiba hupata riba yake ndogo pembeni.

Sasa turudi kwenye neno. Fidia limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kile kinachotolewa ili mateka aachiliwe. Ndiyo maana pia huitwa jina hilo chakula anachokitoa kwa maskini mtu asiyeweza kufunga, badala ya siku aliyoikosa. Katika matumizi yote hayo kuna kitu kinachotoka mkononi mwa mtu, nacho hakirudi. Anayefidiwa hupokea, anayefidia hubaki bila. Katika mpango tunaouzungumzia hapa hakuna kinachotoka: akiba inabaki kwa jina la mwenyewe, anaweza kuitoa kesho asubuhi, na deni halijapungua hata senti moja. Neno linaloifaa hali hii ni mkabala, nalo pia limetoka katika Kiarabu, lenye maana ya vitu viwili vinavyotazamana. Akiba imesimama mkabala na deni, na mkopeshaji anapopiga hesabu ya riba huzitazama zote mbili kwa pamoja. Wengine hupendelea kusema kusawazisha, lakini hilo nalo lingekubalika tu iwapo akiba na deni zingekuwa sawa, jambo ambalo kwa walio wengi hutokea mwishoni kabisa.

Tuchukue mkopo wa 100,000, kwa fedha yoyote ile, wenye riba ya asilimia 9 kwa mwaka na marejesho ya 900 kila mwezi, ambao kwa mpango wa kawaida huisha kwa takriban miaka 20. Mkopaji ana akiba ya 20,000 ambayo katika akaunti ya kawaida ingepata asilimia 4, na riba hiyo hukatwa kodi ya asilimia 15, hivyo inayomfikia ni asilimia 3.4. Akaunti zikiwa mbalimbali, mwezi wa kwanza riba ya mkopo ni 750, na katika yale marejesho ya 900 ni 150 tu zinazopunguza deni la msingi. Zikiwa mkabala, riba inahesabiwa kwenye 80,000 na kuwa 600, kwa hiyo 300 zinakwenda kwenye deni la msingi. Marejesho hayakubadilika, kilichobadilika ni mgawanyo wake, na sehemu inayokula deni imekuwa maradufu.

Akiendelea hivyo bila kugusa akiba wala kuiongeza, baada ya miezi 147, yaani miaka 12 na miezi mitatu, deni lake litakuwa limefika 20,000, sawasawa na akiba, na kuanzia hapo hatozwi riba tena. Akitaka anaweza kulimaliza siku hiyohiyo. Mwenzake aliyetenganisha akaunti, kwa miezi hiyohiyo 147, atakuwa bado anadaiwa kama 60,000, na akiba yake itakuwa imekua hadi kama 30,000. Akiimwaga yote kwenye deni, bado atabaki na nusu yake. Siri ya tofauti hiyo si ukarimu wa mkopeshaji. Ni kwamba mmoja anaokoa asilimia 9 na mwingine anapata asilimia 3.4, na kile kilichookolewa hakikatwi kodi kwa kuwa hakikuwa mapato. Ni gharama ambayo haikutozwa.

Hapa ndipo kosa la pili huingia, la wale wanaosema kwamba akiba hiyo "inapata asilimia 9". Haipati. Anayeamini hivyo huendelea kuweka fedha hata baada ya akiba kulizidi deni, asijue kwamba kile kilichozidi kimekaa bure, hakiokoi kitu na hakizai kitu.

Kosa la tatu ndilo la yule mteja, la kuchanganya mpango huu na kulipa deni mapema. Kwa upande wa riba, siku ya kwanza mambo hayo mawili hutoa jibu lilelile: anayelipa 20,000 mapema naye hutozwa riba kwenye 80,000. Lakini yeye amelipa, na siku ya dharura akizihitaji fedha zile itambidi aombe mkopo upya, kwa masharti ya siku hiyo. Mwenye akiba mkabala huzitoa tu, na riba yake inapanda kuanzia siku alipozitoa, bila kumwomba mtu.

Kwa kuwa hesabu hufanywa kila siku, hata mshahara unaokaa siku kumi kabla ya kutumika hupunguza kitu katika siku hizo kumi. Vilevile ni rahisi kumkagua mkopeshaji anayetoza kwa siku. Katika mfano wetu, kwa mwezi wa siku 30, zidisha 80,000 kwa 0.09, gawanya kwa 365, zidisha kwa 30, nawe utapata 591.78. Taarifa ya akaunti ikionyesha 739.73, basi akaunti hazikuunganishwa, hata kama mkataba unasema zimeunganishwa. Mimi mwenyewe nililigundua hilo katika mwezi wa pili, na aliyekuwa upande wa pili wa simu alinihakikishia kwamba yote yako sawa kwa sababu deni "halijapungua". Halikutakiwa kupungua, riba ndiyo iliyotakiwa.

Mkopo wa aina hii mara nyingi huwa na riba ya juu kidogo au ada yake, na hapo ndipo penye mipaka. Tuseme riba yake ni asilimia 9.5 badala ya 9. Mwenye akiba ya 20,000 bado anafaidika, kwani mwaka wa kwanza atatozwa kama 7,600, ilhali mwenzake, baada ya kutoa riba aliyoipata kwenye akiba, amegharimika 8,320. Mwenye akiba ya 3,000 anapata hasara ya zaidi ya 300 kwa mwaka. Mpaka kati yao uko kwenye akiba ya takriban 8,200. Aliye chini ya hapo ni afadhali atenganishe akaunti zake.

Kwa hiyo yule muuzaji, safari nyingine, angeweza kumwambia mteja wake hivi: "Fedha zako zitabaki zako na deni lako litabaki lilelile, ila tutakutoza riba kwenye tofauti yake." Ni sentensi fupi kuliko ile aliyoitoa, na haina fidia ndani yake.