Gramu 1.6 kwa kilo, lakini kilo zipi?

Ninafanya kazi ya lishe ya wanamichezo, na wengi wanaokuja kwangu wanataka kujenga misuli kwa kunyanyua vyuma. Karibu wote huja na namba moja kichwani: gramu 2.2 za protini kwa kila kilo ya mwili. Ukimuuliza mtu ameitoa wapi, mara nyingi hajui. Chanzo chake kikubwa ni ile kanuni ya zamani ya jimu ya gramu moja kwa kila ratili ya uzito. Kilo moja ina ratili 2.2, basi.

Namba ninayoanzia mimi ni 1.6. Mwaka 2018 watafiti walikusanya majaribio 49, yenye washiriki 1,863 waliokuwa wakinyanyua uzito, wakaangalia ongezeko la protini linaacha kuongeza misuli likifika wapi. Jibu lilikuwa takriban gramu 1.6 kwa kilo kwa siku. Makadirio hayo yenyewe yalikuwa na upana, kuanzia 1.03 hadi 2.20. Kwa hiyo 2.2 ni ukingo wa juu wa mashaka ya watafiti. Ukiifikia umejiwekea akiba ya tahadhari, lakini usitegemee misuli ya ziada kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi haliko kwenye namba hiyo. Liko kwenye kilo.

Kuna kaka mmoja alikuja kwangu akiwa na kilo 120 na urefu wa sentimita 170. Alikuwa amezidisha 120 kwa 2.2, akapata gramu 264 kwa siku. Kwa wiki tatu alijilazimisha kula huku ameshiba, tumbo limejaa, na mazoezini anajisikia mzito. Nikampigia hesabu kwa 1.6, ikatoka 192. Bado ilikuwa nyingi mno kwake, kwa sababu sehemu kubwa ya zile kilo 120 ilikuwa mafuta. Mafuta ni ghala, na matumizi yake ya protini ni madogo. Misuli ndiyo inayovunjwavunjwa na kujengwa upya kila siku, hivyo ndiyo inayodai malighafi.

Kwa mtu asiye na mafuta mengi, uzito wa mizani unatosha: mwenye kilo 65 anahitaji gramu 104 tu, na mambo yameisha. Kwa mwenye mafuta mengi natumia uzito uliorekebishwa. Nachukua urefu kwa mita, nauzidisha kwa wenyewe, kisha mara 25, nipate ukingo wa juu wa uzito wa kawaida kwa urefu huo. Kwa kaka yule: 1.7 mara 1.7 mara 25 ni kama kilo 72. Alikuwa amezidi hapo kwa kilo 48. Robo ya hizo ni 12, tunaiongeza kwa sababu mwili mkubwa hubeba pia misuli zaidi kuliko mwembamba wa urefu uleule. Tunapata kilo 84. Mara 1.6 ni gramu 134, nikamwandikia 140. Ni makadirio, lakini yako karibu na mahitaji yake kuliko 264.

Tukazigawa katika milo minne ya gramu 35. Hapo ndipo lilipojitokeza kosa la pili. Aliponionyesha daftari lake, gramu za chakula na gramu za protini zilikuwa zimechanganyika. Gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa zina protini kama 31, kwa hiyo mlo wake unataka kama gramu 115 za kidari. Ukikipima kibichi ni karibu 160, maana maji hutoka jikoni na uzito hupungua.

Maharage huenda kinyume: hunywa maji. Makavu yana protini zaidi ya gramu 20 katika 100, lakini yakishaiva zinabaki kama 8 au 9 katika gramu 100. Yeye alikuwa anapima bakuli la gramu 250 za maharage yaliyoiva, kisha anaandika hesabu ya makavu, zaidi ya gramu 50. Ukweli ulikuwa kama 22. Siku alizokula nyama alipitiliza, siku za maharage alipungukiwa, na daftari lilionyesha siku zote sawa. Sasa huandika mbele ya kila chakula neno moja, "kibichi" au "kimeiva", kabla hajaandika uzito.

Hesabu hii ni ya mwenye figo nzima. Aliyewahi kuambiwa figo zake zina tatizo asianze hata na 1.6. Kiwango chake kipangwe na daktari wake, na mara nyingi kitakuwa cha chini zaidi.