Barua ya kurudisha uaminifu ni nini, na unaiandikaje mwenzako akikopa kwa siri

Barua ya kurudisha uaminifu ni ujumbe ambao aliyeumizwa anamwandikia mwenza wake kumwambia vitu viwili, hiki ndicho kilichoniuma, na haya yakifanyika ntaweza kuanza kukuamini tena. Sio barua ya kuachana na sio ya kusamehe pia, hapo wengi wanachanganya, unaweza kuiandika moyo bado umefura na hata hujajua kama utabaki. Iwe kwenye karatasi au WhatsApp haijalishi sana, ila isiwe voisi noti, maana kwenye voisi noti hasira inasikika kuliko maneno na mtu hawezi kurudi kwenye sentensi moja akaisoma vizuri.

Ukitaja uaminifu kuvunjika watu wanawaza mchepuko tu. Mi nataka kuelezea kwa kesi ambayo nyumba nyingi inapita kimyakimya, mkopo wa siri.

Tuchukulie mume kakopa laki tano kwenye kausha damu, marejesho elfu 65 kila wiki kwa wiki 10, yaani mwisho wa siku anarudisha laki sita na nusu, na kwenye fomu kaandikisha TV na friji kama dhamana. Mke hana habari. Wiki zingine rejesho likimshinda mume anajiokoa na Songesha, ile huduma ya M-Pesa inayokumalizia muamala kama salio halitoshi, halafu hela yoyote ikiingia deni linajikata kwanza. Sasa mke anamtumia laki na nusu akalipe ada ya mtoto, inaingia, sehemu yake inamezwa hapohapo, na mume badala ya kusema ukweli anasema "mtandao uko chini, ntalipa kesho". Siku kadhaa mbele watu wa mkopo wako mlangoni wanaulizia TV na watoto wamekaa sebuleni wanawaangalia.

Meseji ya kwanza inayotoka hapo wote tunaijua: "Wewe ni muongo toka zamani, sijui hata nilikufuatia nini, ukoo wenu wote ndo mlivyo." Hasira ya haki kabisa, sibishi. Tatizo lake ni kwamba haina cha kujibiwa zaidi ya kujitetea. Mtafiti wa ndoa wa Marekani John Gottman anatofautisha lalamiko na shambulio, lalamiko linaongelea jambo lililotokea, shambulio linaongelea mtu alivyo. Ukimwambia mtu "siku ile ulisema mtandao uko chini wakati hela ilishakatwa" hana pa kukimbilia, ila ukimwambia "we ni muongo" ataanza kukuhesabia siku zote alizosema ukweli na mada ishahama.

Kabla hujaandika jiulize kwanza, kilichoniuma hasa ni kipi? Kwenye kesi hii kuna deni, kuna uongo, na kuna ile aibu ya mbele ya watoto, na kila kimoja kina dawa yake. Ukiandika kuhusu hela tu, jamaa atahangaika kuimaliza ile laki sita na nusu, halafu atashangaa kwa nini bado umenuna wakati deni limeisha. Kumbe we hela ulishaisahau, unachokumbuka ni "mtandao uko chini".

Kwa hiyo sehemu ya kwanza inaweza kuwa hivi:

"Mume wangu, naandika kwa sababu tukiongea tunaishia kugombana. Jumanne walikuja watu wa mkopo wakataka TV na watoto wakiwepo. Mkopo wenyewe ningeuelewa, najua biashara ilikuwa imelala. Kilichoniuma zaidi ni siku niliyokutumia ada ukaniambia mtandao uko chini, nikakuamini, nikampigia mwalimu kumuomba atuvumilie. Toka nimejua ukweli kila unachoniambia najiuliza mara mbili, hata ukisema umekwama kwenye foleni."

Ona alivyoandika, siku inajulikana, maneno yaliyosemwa yapo, na matokeo kwake yeye yapo. Hajataja ukoo, hajafufua ya miaka ya nyuma. Hilo la foleni ndo limebeba kila kitu kwa maoni yangu, maana linamuonyesha mume kwamba uongo wa siku moja umeharibu mpaka maneno yake ya kweli, na hilo mara nyingi aliyekosea halioni kabisa.

Sehemu ya pili ndo inayowashinda watu. Wanaandika "nataka uwe muwazi", "nataka ubadilike", halafu wiki inayofuata mmoja anasema nimebadilika mwingine anasema hujabadilika na wote hawana ushahidi. Ombi zuri ni lile ambalo mtu wa tatu akiingia hapo ndani angeweza kuona limefanyika au halijafanyika. Mfano aendelee hivi:

"Naomba Jumapili tukae tuandike madeni yote, ya kausha damu, Songesha, kikoba, ya marafiki pia, kila moja limebaki shilingi ngapi na umeweka nini dhamana. Ada ntakuwa nalipa mwenyewe moja kwa moja shuleni mpaka huu mkopo uishe. Mkopo wowote unaozidi elfu hamsini tuambiane kabla, na mimi pia. Na kwa miezi mitatu kila mwisho wa mwezi tufungue stetimenti za M-Pesa pamoja, yako na yangu, baada ya hapo tuangalie kama bado tunahitaji."

Hiyo miezi mitatu msiichukulie poa. Uangalizi usio na mwisho unageuka upelelezi, na mtu anayepelelezwa hajifunzi kusema ukweli, anajifunza kununua laini nyingine. Ndo maana mi sishabikii lile ombi la "nipe namba ya siri ya simu yako", unakesha unasoma meseji za watu, unapata presha na bado humuamini. Kinachorudisha imani ni yeye kukwambia kabla hujauliza, sio we kumkamata.

Kuna mambo barua haiyawezi. Kama mwenzako anapiga au unamuogopa usiandike barua, tafuta kwanza mtu wa kukusaidia na mahali salama. Na kama kwenye ile orodha ya madeni ikatokea nyumba mnayoishi imewekwa rehani bila we kujua, hapo ushatoka kwenye barua umeingia kwenye sheria. Kwa Tanzania Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo muone mwanasheria mapema, usisubiri jibu la meseji.

Ukishatuma muache asome, usimfuate na "mbona kimya" baada ya dakika kumi. Na usimtumie dada yake wala mama mkwe nakala, skrinishoti moja tu kwenye grupu la familia na mume atakuwa anajibu ukoo sio wewe.

Jibu la "sawa mke wangu nisamehe yaishe" ni zuri kusikia ila halikwambii kitu. Angalia kama ameligusa lile la ada kwa maneno yake mwenyewe, na kama Jumapili kwenye orodha kaongeza deni ambalo hukuwa unalijua. Deni jipya likitajwa na yeye mwenyewe litauma, tena sana, ila hiyo ni dalili nzuri kuliko orodha inayofanana kabisa na ulichokwisha kukigundua. Likija kutajwa na mtu wa mkopo mwezi unaofuata, ile miezi mitatu inaanza kuhesabiwa upya.