Rehani: nyumba si ya benki

Kila mkopaji anapochelewa kulipa, utasikia watu wakisema, "Nyumba ile sasa ni ya benki." Si kweli, na kosa hilo huwafanya wenye nyumba wakate tamaa mapema mno. Rehani ni dhamana ya deni, basi. Kwa Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema wazi kwamba chaji, yaani rehani kwa jina la sheria hiyo, haihamishi umiliki. Benki inashikilia hati, mwenye nyumba ni yuleyule.

Neno lenyewe linatusaidia. Rehani limetoka kwenye rahn ya Kiarabu, yaani kitu kinachozuiliwa kwa ajili ya deni, na ni ndugu wa rahina, mateka. Mateka hukombolewa, na ndiyo maana tunasema kukomboa rehani. Uingereza ya zamani hali ilikuwa kali zaidi: ardhi ilipewa mkopeshaji kabisa, na siku ya kulipa ikipita, imekwenda. Mahakama ya insafu, iliyotazama uadilifu kuliko ukali wa mkataba, ndiyo iliyoingilia kati, ikaamua kwamba mdaiwa akileta deni lote na riba, hata kwa kuchelewa, arudishiwe ardhi yake. Haki ya ukombozi imezaliwa hapo. Kwa hiyo haki hiyo si thamani inayobaki kwenye nyumba ukitoa deni, kama wengi wanavyodhani.

Tukirudi Kenya, benki nayo ina uwezo wa kuuza, lakini kwa hatua. Deni likikaa mwezi mmoja bila kulipwa, inatoa notisi ya angalau miezi 3. Ikipita, notisi ya kuuza ya angalau siku 40. Dalali naye hutoa siku 45 za kukomboa.

Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 8, deni lililobaki ni milioni 5, na malimbikizo, yaani awamu zilizochelewa, ni 240,000. Ndani ya ile miezi 3, kulipa 240,000 kunaondoa kosa na mkopo unaendelea. Huko si kukomboa. Kukomboa ni kulipa milioni 5 zote pamoja na riba na gharama. Hapa ndipo watu huchanganya, wakaja siku ya mnada na malimbikizo mkononi.

Nyumba ikiuzwa milioni 6.5, na deni na gharama zikifika milioni 5.3, ile milioni 1.2 ni ya mwenye nyumba, kama hakuna mdai mwingine mwenye chaji. Ikiuzwa milioni 6 au chini, yaani pungufu ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki haikutafuta bei nzuri, mpaka yenyewe ithibitishe vinginevyo.

Haki ya kukomboa hufa nyundo ya mnada inapogonga. Baada ya hapo mnunuzi hulindwa, na aliyeonewa hubaki kudai fidia. Kabla ya hapo, tuseme nyumba iko rehani, haijakombolewa bado.