Kubapaza uwazi si kuunganisha leya

Wiki hii nimeisikia tena, na safari hii kutoka kwa mtu anayeijua kazi yake: "Faili liko tayari kwenda kuchapwa, leya zote nimeshaziunganisha, kwa hiyo limebapazwa." Faili lenyewe lilikuwa jalada lenye rangi ya spoti. Nililifungua, na nitaeleza hapa chini nilichokikuta.

Kwanza maana, kwa haraka. Rangi ya spoti ni wino uliokwisha kuchanganywa kabla haujaingia mashineni, nao una pleti yake peke yake, yaani bamba lake la kuchapia. Haupatikani kwa kupandanisha samawati, majenta, njano na nyeusi za CMYK. Orodha ya wino hizi inayojulikana zaidi ni ya Pantone, iliyoanza mwaka 1963. Uwazi ni hali ya kitu kilicho juu kuruhusu kilicho chini yake kionekane, kama kivuli cha herufi juu ya picha. Kubapaza ni kuuondoa uwazi huo huku sura ya ukurasa ikibaki vilevile, au ikitarajiwa kubaki vilevile.

Neno lenyewe linasaidia kuelewa. Bapa la panga ni ule upande mpana usio na kina. Ukurasa uliobapazwa nao hauna kina: hakuna tena kitu kinachoonekana kupitia kingine. Haja ya kufanya hivyo ilitokana na lugha ya PostScript ya mwaka 1984, ambayo haikujua uwazi kabisa. Kwake, kinachochorwa juu hufuta kilichokuwa chini, labda ukiiagiza wino wa juu upakwe juu ya wa chini. Uwazi uliingia kwenye PDF toleo 1.4, mwaka 2001, wakati mitambo mingi ya kutengeneza pleti ilikuwa bado inaongea PostScript. Ikabidi programu ikokotoe mapema: pale vitu viwili vinapopandana, eneo hukatwa vipande, na kila kipande hupewa rangi yake ya mwisho. Herufi zikiangukia humo, huenda zikageuzwa kuwa michoro au hata picha.

Leya ni jambo jingine. Leya ni droo tu ya kupangia vitu. Ukizimwaga droo zote ndani ya moja, kivuli kilichokuwa na uwazi wa asilimia 75 kinabaki na asilimia 75 zake. Naelewa mkanganyiko unakotoka: kwenye programu za kuhariri picha, amri ya Flatten Image huunganisha leya kweli, kwa kuwa pale kuna pikseli tupu, na leya zikishaungana hakuna kinachobaki chini. Kwenye ukurasa wa PDF vitu hubaki vitu, na uwazi ni sifa ya kitu, si ya droo kilimowekwa.

Sasa lile jalada. Usuli wake wote ulikuwa PANTONE Orange 021 C, chungwa kali ambalo CMYK haiwezi kulifikia. Juu yake mbunifu aliweka picha ya kijivu ya karatasi iliyokunjamana ili usuli uonekane una makunyanzi, akaichagulia namna ya kuchanganya iitwayo Luminosity. Kwenye skrini yake ilipendeza sana: chungwa lenye mikunjo. Kisha akatoa PDF/X-1a, kiwango kisichoruhusu uwazi, kwa hiyo programu ilibapaza yenyewe wakati wa kutoa faili. Leya alizoziunganisha hazikuhusika hata kidogo.

Kwenye Acrobat nilifungua Output Preview, ambayo huorodhesha pleti moja moja. Nilizima alama za Process Cyan, Process Magenta, Process Yellow na Process Black, nikaacha chungwa peke yake. Palipokuwa na picha ya karatasi pakatokea shimo jeupe la mstatili. Nikarudisha pleti zote, nikapeleka kishale pembeni mwa jalada: chungwa 100, nyingine zote 0. Nikakisogeza ndani ya mstatili: chungwa 0, ila wino za CMYK zenye kijivu cha makunyanzi. Lingechapwa hivyo, msomaji angeona karatasi ya kijivu iliyobandikwa katikati ya jalada la chungwa.

Chanzo ni kanuni iliyo wazi kabisa ndani ya PDF. Luminosity hufanya kazi kwa kulinganisha rangi kadhaa kwa pamoja, ikichukua mwanga kutoka kwa kitu cha juu na rangi kutoka kwa cha chini. Wino wa spoti uko peke yake kwenye pleti yake, hauna wenzake wa kulinganishwa nao. Kwa hiyo PDF huagiza kwamba kwa wino wa spoti, namna hiyo ibadilishwe iwe Normal, yaani cha juu kifunike cha chini. Picha ya kijivu haina chungwa hata kidogo, kwa hiyo ilifunika chungwa kwa sifuri. Hue, Saturation, Color, Difference na Exclusion nazo hubadilishwa hivyohivyo. Multiply haina tatizo hilo, kwa sababu hukokotoa kila pleti peke yake, na pasipo na wino juu, wino wa chini unabaki kama ulivyo. Skrini ya mbunifu haikumwonyesha haya kwa kuwa Overprint Preview ilikuwa imezimwa: programu iliigeuza spoti kuwa rangi ya kawaida kwanza, ndipo ikachanganya.

Hapa ndipo neno la pili linapotumiwa vibaya. Preflight, yaani kulikagua faili kabla halijaenda kuchapwa, limetoka kwa marubani: ni ule ukaguzi wa ndege kabla haijaruka, orodha mkononi. Rubani anayeizunguka ndege hatengenezi injini, anatafuta sababu ya kutoruka. Jalada lile lilikuwa limepita ukaguzi wa PDF/X-1a na kupewa alama ya kijani, na alama ile haikudanganya. Iliulizwa kama kuna uwazi, ikajibu haupo. Uwazi ulikuwa umeshabapazwa, na shimo lilikuwa limeshakatwa. Kwa mkaguzi, shimo jeupe kwenye pleti ni mchoro halali kama mwingine wowote.

Faili lilelile likikaguliwa kabla ya kubapazwa, mambo hubadilika. Nilimwomba alitoe tena kama PDF/X-4, kiwango cha mwaka 2008 kinachouacha uwazi ukiwa hai. Ukaguzi ukaonyesha kitu chenye uwazi juu ya eneo lenye pleti ya spoti, na ukitazama sifa za kitu hicho unaisoma Luminosity. PDF/X-4 yenyewe haikuponya chochote, maana mtambo wa kutengeneza pleti ungeifuata kanuni ileile na kukata shimo lilelile. Imefanya chanzo kionekane tu. Tiba ilikuwa kuigeuza picha iwe ya kijivu cha wino mweusi peke yake na kuiwekea Multiply. Kishale ndani ya mstatili sasa kinasoma chungwa 100, na nyeusi inayopanda na kushuka kufuata mikunjo.

Basi rafiki yangu, ukisema "nimeunganisha leya", sema hivyohivyo, ni kweli na haina ubaya. Ukitaka kusema umebapaza, taja ni kiwango gani cha PDF ulichotoa, na kama pleti ya spoti uliitazama ikiwa peke yake.