Insha ya gugumaji iliyojibu swali ambalo halikuulizwa

Muhula huu niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hapa Kisumu swali fupi: "Je, gugumaji ndilo sababu kuu ya kupungua kwa samaki katika Ghuba ya Winam?" Kila anayeishi karibu na Ziwa Victoria ana la kusema kuhusu gugumaji, mmea unaoelea na kutanda juu ya maji, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwenye mengi ya kusema huandika anayoyajua, akaacha aliyoulizwa.

Nataka kuipitia insha moja niliyoisahihisha. Mwandishi wake ameniruhusu. Imeandikwa kwa Kiswahili safi, aya zinafuatana bila kugongana, na hakuna sentensi ndani yake ambayo ningeiita uongo. Hata hivyo, haikujibu swali.

Aya ya kwanza inaeleza kwamba gugumaji lilianza kuonekana upande wa Kenya karibu na mwaka 1990, likatapakaa ghubani hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Aya ya pili inasema kwamba mmea huu ukitanda, mwanga haupenyi na oksijeni hupungua majini. Aya ya tatu inahusu wavuvi: mashua hazitoki ufuoni Dunga, nyavu hukwama, na mvuvi hurudi nyumbani mikono mitupu. Aya ya nne inazungumzia mbu na konokono wa kichocho, kisha akina mama wauzaji samaki wanaoshindwa kulipa karo, kisha serikali iliyowasahau. Hitimisho linasema: "Kwa hivyo ni wazi kwamba gugumaji ni janga kubwa ambalo ni lazima lipigwe vita."

Msomaji mwenye haraka atatikisa kichwa kukubali. Hitimisho hilo ni kweli, tena limethibitishwa. Shida ni kwamba hakuna aliyeuliza kama gugumaji ni janga. Katika mantiki kosa hili huitwa hitimisho lisilohusika: hoja inasimama imara, lakini inasimama kando ya jambo linalobishaniwa. Aristotle alilitia katika orodha yake ya makosa 13 ya hoja, na akadai kwamba mengine yote yanaweza kurejeshwa kwenye hili moja. Kwake yeye, anayempinga mwenzake lazima apinge jambo lilelile, si jina lake tu, kwa upande uleule, kwa uhusiano uleule na kwa wakati uleule. Kimoja kikihama, umeshinda mjadala mwingine.

Tulipoketi na mwandishi kuijadili insha yake, alilalamika kwa haki kabisa.

"Lakini mwalimu, yote niliyoandika ni kweli."

"Ni kweli," nikamwambia. "Sasa fikiria mtu anayeamini kwamba uvuvi wa kupita kiasi ndio sababu kuu. Akiikubali kila sentensi yako, atalazimika kubadilisha msimamo?"

Akaisoma tena yote kabla ya kujibu. "Hapana. Anaweza kuikubali yote na abaki palepale."

Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Usiulize kama aya ni kweli, wala kama inahusu mada. Aya zote tano zinahusu gugumaji, na gugumaji limo ndani ya swali. Uliza kama anayekataa jibu lako anapoteza chochote kwa kuikubali aya hiyo. Ikiwa hapotezi kitu, aya hiyo haijagusa swali.

Sababu iko kwenye neno "kuu". Neno hilo linadai ulinganisho. Hakuna sababu iliyo kuu peke yake. Ni kuu ikipimwa na nyingine. Kwa ghuba hii wapinzani wake wanajulikana: nyavu za matundu madogo zinazobeba samaki wachanga, wingi wa mashua, maji machafu ya mji na mbolea inayoteremshwa na mito, na mbuta mwenyewe, ambaye hula samaki wengine. Insha haikutaja hata mmoja. Mwandishi angeongeza kurasa kumi za madhara ya gugumaji bado asingelikaribia jibu, kwa sababu madhara, hata yawe makubwa vipi, hayasemi kama ndiyo yanayoongoza.

Kuna mhamo mwingine ambao ni mdogo zaidi, na mimi huuona kuwa hatari zaidi kwa sababu hauna kelele. Uko kati ya aya ya pili na ya tatu. Katika aya ya pili tunazungumzia samaki walio majini. Katika ya tatu tunazungumzia samaki walio kwenye mashua. Mwandishi anavuka kwa sentensi hii: "Kutokana na hayo, samaki wamepungua sana, kwani wavuvi hawawezi kuwafikia." Isome polepole. Ikiwa wavuvi hawawezi kuwafikia, basi samaki wapo. Kilichopungua ni mavuno. Tena gugumaji likiwazuia wavuvi kuingia mahali fulani, samaki wa hapo wanaweza kupata nafuu ya kutovuliwa, na wale wanaostahimili maji yenye oksijeni kidogo, kama kamongo na kambale ambao huweza kuvuta hewa, hawaumii sawa na ngege. Neno "kupungua" limebaki lilelile katika aya zote mbili, ila kitu kinachopungua kimebadilika. Ndiyo maana Aristotle alisisitiza jambo lenyewe na si jina.

Wakati nao unahama. Fulu, wale samaki wadogo wa aina nyingi waliojaa ziwani, walianguka kwa kiasi kikubwa katika miaka ya 1980, mbuta walipoongezeka. Gugumaji lilikuwa bado halijatanda. Kwa hiyo anayetaja kutoweka kwa fulu kama ushahidi dhidi ya gugumaji anatumia upungufu uliotangulia kile anachokiita chanzo chake. Na kama angetaka ushahidi wa wakati ulio sawa, upo mahali pa kuutafuta: gugumaji lilifika kilele karibu na 1998, na kufikia mwaka 2000 lilikuwa limepungua mno. Takwimu za samaki kabla na baada ya miaka hiyo, aina kwa aina, zingemsaidia mwandishi au zingempinga. Vyovyote vile, zingekuwa zinajibu swali.

Aya ya nne ina kosa la jamii tofauti kidogo. Hapa hakuna hoja iliyothibitisha kitu kingine. Hapa msomaji anavutwa aache kufuata hoja kabisa. Kichocho, karo na serikali iliyosahau watu ni mambo mazito, na uzito wao ndio unaofanya kazi hiyo. Hii ni hoja ya kupotosha njia. Mwanasiasa huitumia makusudi anapoulizwa kuhusu barabara akajibu kuhusu vijana. Mwanafunzi mara nyingi huitumia bila kujua, pale ushahidi wake unapokwisha na ukurasa haujajaa. Ninachokiangalia ni joto la lugha. Katika insha hii, "hupungua" na "husababisha" za aya ya pili zinageuka kuwa "wamesahauliwa" na "wanateseka" katika aya ya nne. Lugha ikipanda ghafla namna hiyo, narudi nyuma kuona kama hoja iliishia hapo. Kisha naifunika aya kwa karatasi na kusoma hitimisho. Ikiwa hakuna nguzo iliyoanguka, aya haikuwa imebeba kitu.

Naelewa tabia hii inatoka wapi. Wengi hufika kwetu wakiwa wamezoea insha za KCSE za maneno yasiyopungua 400, na walioandaliwa kwa pupa hubeba aya za kukariri kuhusu mazingira, ufisadi au dawa za kulevya, wakisubiri swali lolote litakalozipa mlango. Aya ya kukariri haijui swali. Imeandikwa kabla yake.

Kwa anayesahihisha kazi yake mwenyewe, kipimo cha mpinzani kinahitaji utulivu ambao hatuna saa za usiku kabla ya kuwasilisha. Kuna njia mbili nyepesi. Ya kwanza ni kumpa mwenzako insha bila swali na kumwomba alikisie. Kwa insha hii mwanafunzi jirani aliandika: "Gugumaji lina madhara gani?" Liweke kando ya swali halisi ulinganishe neno kwa neno. Limekosa "kuu" na limekosa "samaki". Maneno yaliyokosekana ndiyo yale insha iliyoyaangusha, kwa hiyo unajua mara moja pa kurekebisha.

Ya pili unaweza kuifanya peke yako. Andika pembeni kila aya inamhusu nani au nini. Hapa ilikuwa gugumaji, oksijeni, wavuvi, akina mama na serikali, kisha gugumaji tena. Samaki, ambao swali linawauliza, hawakupewa hata aya moja iliyo yao.

Njia hizi zina mpaka, na walimu wakali huukanyaga. Aya inayoonekana ngeni si lazima iwe imepotea. Kama mwandishi angeeleza jinsi mbuta alivyoingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, msomaji angeweza kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu "nje ya mada". Lakini aya hiyo, ikimalizikia kwa kupima mchango wa mbuta dhidi ya ule wa gugumaji, ndiyo ingekuwa moyo wa jibu. Vivyo hivyo kwa anayefafanua maana ya "kupungua" kabla ya kuanza, au anayekiri nguvu ya upande wa pili. Hata kulipinga swali kunaruhusiwa: unaweza kusema kwamba hakuna sababu moja kuu, kwamba gugumaji lenyewe linastawishwa na mbolea na maji taka na hivyo haliwezi kutenganishwa nayo. Hilo ni jibu, mradi ulitamke waziwazi na ulitetee. Linalokataliwa ni kubadilisha swali kimyakimya.

Mwandishi aliiandika upya. Aya ya nne aliitoa yote, ingawa aliipenda. Ya tatu aliigawa mara mbili, mavuno upande mmoja na idadi ya samaki upande mwingine. Hitimisho lake jipya ni hili: "Gugumaji limewazuia wavuvi kufikia samaki na limewadhuru ngege katika maeneo linalotanda, lakini upungufu wa fulu ulianza kabla yake, kwa hiyo si sababu kuu kwa aina zote za samaki." Nimemwandikia pembeni kwamba sasa anajibu alichoulizwa, na kwamba bado anadaiwa aya ya nyavu za matundu madogo, kwa kuwa hajasema kwa ngege ni kipi kinachozidi, gugumaji au uvuvi. Ameahidi kuileta wiki ijayo.