Kumnywesha ndama si kummiminia

"Nimeshamnywesha, na ndoo nimeiosha." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno kwa wanaotunza ndama wachanga. Mara ya mwisho, ndama mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya msemaji akikohoa, maziwa yanamtoka puani, na ile ndoo iliyooshwa ilikuwa na utando mweupe chini ya ukingo. Vitenzi viwili katika sentensi moja, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimetendeka.

Kumnywesha ndama kwa ndoo ni kumfanya anywe mwenyewe maziwa yaliyomo ndooni, akiyafyonza na kuyameza kwa mwendo wake. Maana ni hiyo tu, na sidhani kuna anayeipinga ukimuuliza. Shida iko kwenye kile kiambishi cha mwisho.

Tazama maneno ya ukoo mmoja. Kutokana na kunyonya tuna kunyonyesha, na hakuna anayedhani kwamba mama anayenyonyesha anamkamulia mtoto kooni. Anampa titi, kazi anaifanya mtoto. Kutokana na kula tuna kulisha, na anayelisha ng'ombe huweka majani horini, hasukumi kitu mdomoni. Kunywesha nako kulipaswa kubaki hapo: wewe unaandaa, mnyama anakunywa. Lakini zizini neno hili tunalitumia pia kwa dawa. Tunapomnywesha ng'ombe dawa ya minyoo tunamshika kichwa, tunaingiza chupa pembeni mwa mdomo na kumimina, apende asipende. Nahisi mkono uliozoea dawa ndio unaofanya kosa kwenye maziwa: kichwa kinashikwa, pua inazamishwa ndooni au maziwa yanamiminwa kooni, na neno linalotumika ni lilelile.

Kwa ndama mchanga tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Anazaliwa akijua kunyonya, hajui kunywa. Anaponyonya huinua kichwa na kunyoosha shingo, na kule ndani mfereji ulio mwishoni mwa umio hujifunga kama bomba. Maziwa huyavuka matumbo ya mbele na kuteremka moja kwa moja kwenye tumbo la nne, linaloweza kuyasaga. Kinachoamsha mfereji huo hasa ni kule kunyonya. Ukimmiminia, unaweza usijifunge, na maziwa yakaangukia tumbo la kwanza, ambalo bado halina kazi ya kufanya. Huko huchacha, tumbo huvimba upande wa kushoto, na kinyesi huwa cha kijivu na chenye kunata kama udongo wa mfinyanzi. Njia nyingine mbaya zaidi ni mapafu. Akikohoa wakati wa kunywa, na baadaye akipumua haraka huku ana homa, maziwa yamekwenda kusikostahili, na hapo anahitajika daktari wa mifugo.

Kwa hiyo anayefundisha ndoo anaanza na kunyonya. Tuchukue ndama wa kilo 35 aliyezaliwa alfajiri. Dang'a yake ya kwanza, kama lita 3 na nusu, ameipata kwa chupa yenye chuchu ndani ya saa mbili za mwanzo. Somo la ndoo halina haki ya kuichelewesha dang'a. Jioni ana njaa, na huo ndio wakati wa kuanza. Lita 2 za maziwa zinatiwa ndooni zikiwa na joto la mwili wa ng'ombe, nyuzi 38 au 39, kwa sababu maziwa yaliyopoa wengi wao huyakataa. Ndama anarudishwa kinyumenyume kwenye kona ili asiwe na pa kurudi, nawe unasimama ubavuni mwake. Ndoo inashikwa juu kidogo, usawa wa kifua chake, ili kichwa kisilazimike kushuka sana siku ya kwanza.

Vidole viwili vilivyooshwa vyema, kucha fupi, vinachovywa kwenye maziwa na kuingizwa mdomoni kiganja kikitazama juu. Subiri. Utahisi ulimi wenye kukwaruza ukivizunguka vidole, kisha unaanza kuvuta. Akishashika mwendo, teremsha mkono polepole mpaka midomo iguse maziwa, lakini pua ibaki juu. Maziwa yatapita katikati ya vidole, naye ataendelea kunyonya asijue kwamba sasa anakunywa. Akifika kati, anza kuvitoa vidole taratibu. Akiinua kichwa ghafla, kama wafanyavyo karibu wote, rudia tangu mwanzo bila kumgandamiza shingo. Jioni ya kwanza huenda akanywa nusu lita tu, na kilichobaki unampa kwa chuchu. Wengi hushika somo baada ya milo michache, wengine siku mbili tatu. Asiyevuta kabisa kidole, aliyelegea na mdomo wake ni wa baridi, huyo si mkaidi, ni mgonjwa, na ndoo iwekwe pembeni.

Sasa kitenzi cha pili. Kumwagia ndoo maji na kuyazungusha ni kusuuza. Kuosha ni kazi nyingine. Lugha yetu imetupa maneno mawili kwa sababu mambo ni mawili, na kwa vyombo vya maziwa yote mawili yanahitajika, kwa mpangilio. Kwanza unasuuza kwa maji ya uvuguvugu mara tu ndama anapomaliza. Yasiwe ya moto, maana maji ya moto huigandisha protini ya maziwa ikashika kwenye plastiki. Kisha unaosha: maji ya moto kiasi cha kuhitaji glavu, sabuni, na brashi inayopita chini ya ukingo, kwenye maungio ya mshikio na ndani ya chuchu iliyovuliwa. Mafuta ya maziwa hayatoki kwa maji peke yake. Halafu unasuuza tena na kuipindua ndoo mahali penye hewa mpaka ikauke kabisa. Ndoo mbichi zilizotumbukizwa moja ndani ya nyingine hazikauki, na bakteria wa kuharisha hupenda unyevu huo kuliko kitu kingine.

Dawa ya klorini ni nzuri, lakini juu ya utando haifiki kunakotakiwa. Uchafu huidhoofisha kabla haijagusa kitu, kwa hiyo haiwezi kuwa badala ya brashi. Kupima ni rahisi: ndoo ikiwa kavu, pitisha kidole gumba ndani, chini ya ukingo. Kikiteleza, au ukisikia harufu ya maziwa chachu, ndoo hiyo imesuuzwa tu. Na plastiki iliyojaa mikwaruzo haitakuwa safi hata ukiisugua, maana brashi haiingii ndani ya mikwaruzo hiyo. Iondolewe zizini.

Kwa hiyo safari nyingine ukiulizwa habari za ndama asubuhi, acha kwanza neno "nimemnywesha". Sema "amekunywa lita moja, nusu nimempa kwa chuchu," kama ndivyo ilivyokuwa, na kuhusu ndoo sema "nimeisuuza, bado kuiosha." Anayekuja kukupokea zamu atajua pa kuanzia.