Baiti 0 si kusema kadi ni tupu, jamani

Leo tena kaja mtu hapa Lamu na kadi yake, ananiambia fundi, faili ni baiti 0, basi nimeifomati nianze upya. Aaa! Kila msimu wa Maulidi ni hayo hayo. Kasida zinarekodiwa, rekoda iko kwenye stima bila betri, stima inapotea, halafu kunabaki jina la faili na sifuri.

Sikilizeni. Rekoda ikiandika kwenye kadi ya FAT, ule mpangilio wa faili wa kadi nyingi, sauti inaingia kwenye klasta, yaani vipande vya nafasi ya kadi, na jedwali la FAT linaonyesha klasta gani inafuata ipi, lakini saizi ya faili kwa kawaida inaandikwa kule kwenye folda wakati wa kufunga faili. Stima ikikatika kabla hapo, saizi inabaki 0 na ule mnyororo wa klasta hauna mwenyewe. Sauti ipo, jina ndilo limeachana nayo.

Usirekodi tena wala usifomati. Kopi kadi nzima kwanza (mimi natumia ddrescue), halafu ndio kwenye Windows, weka herufi ya kadi yako mahali pa E:

```
chkdsk E: /F
```

Ikiuliza `Convert lost chains to files (Y/N)?` jibu Y. Ukijibu N inazihesabu zile klasta kuwa nafasi wazi, na hapo utanililia. Minyororo inatokea kama FILE0000.CHK ndani ya FOUND.000, folda iliyofichwa.

Sasa hili la kubadilisha jina kutoka .CHK kuwa .WAV ndilo linanichosha kabisa. Jina halitengenezi kitu! Fungua kwa programu ya heksa, mwanzo ukiona `RIFF` na mbele kidogo `WAVE` basi ni WAV, ila kile kichwa cha baiti 44 mara nyingi nacho kina urefu wa sifuri, ndio maana pleya inakataa ama inacheza kimya. Tumia Audacity, Import halafu Raw Data, 16-bit PCM, little-endian, stirio, 48000. Kadi moja ilitoa CHK ya megabaiti 461 hivi, na sekunde moja hapo ni baiti 192,000, kwa hiyo nilijua kabla ya kusikiliza kuwa ni dakika 40. Ikatoka yote, mwanzoni kuna mlio mdogo wa kile kichwa na mwishoni kipande cha kasida ya zamani, kwa sababu klasta ya mwisho haijajaa na mabaki yamo, unakata tu.

Video ya MP4 ni shida nyingine, fahirisi yake ya moov huwa inaandikwa mwisho, kwa hiyo picha zipo lakini hakuna pleya itakayozifungua mpaka utafute programu ya untrunc na video nzima ya kamera ile ile, na hata hapo siahidi.

Na zikitoka CHK nyingi? Mpangilio wake nabahatisha kwa sikio, sina njia ya uhakika. Rekoda nyingine hata FAT huiandika kwa kuchelewa, hapo chkdsk haitoi kitu, jaribu programu ya PhotoRec kwenye ile kopi.